Walisamehe kodi za mabilioni, wanashindwa kusamehe elfu mbili mia tano za vijana wa Sanya Juu?

Makamanda, leo siongelei tume wala katiba. Naongelea kitu kidogo ambacho wengi wetu tumekikalia kimya kwa sababu kinatuonea aibu: adhabu ya kuchelewa kupeleka taarifa ya mwaka ya kampuni BRELA. Bunge la bajeti lilikuwa Dodoma Juni 2024, muswada wa fedha ukiwa mezani, na kama kuna muda wa kupiga kelele kuhusu hili, bado ni sasa.

Huku Siha kila kijiwe utakachokaa, kuanzia stendi ya Sanya Juu mpaka Ngarenairobi kwenye viazi, utakuta kijana mwenye kampuni iliyolala. Waliungana wanne watano, wakaambiwa "sajilini kampuni mpate tenda". Wakasajili, cheti wakaweka kwenye fremu. Tenda haikuja. Mmoja akaenda Arusha kuendesha boda, mwingine akapata mkataba wa muda Dodoma, kampuni ikabaki ukutani. Wanachojua ni kwamba haifanyi kazi. Wasichojua ni kwamba usiku na mchana inahesabu.

Ngoja tuifungue hii mashine tuone inavyofanya kazi.

Sheria ya Makampuni, Sura ya 212, kifungu cha 128, inaitaka kila kampuni ipeleke kwa Msajili taarifa ya mwaka. Siyo ritani ya TRA hiyo, na hapa ndipo wengi wanapoangukia. Kijana analipa kodi yake TRA, analipia leseni halmashauri, anajua amemaliza na serikali. Hajamaliza. BRELA ni mlango mwingine. Wao hawataki kujua umeuza kiasi gani. Wanataka kujua ofisi yako iko wapi, wakurugenzi ni akina nani, katibu ni nani, hisa ziko ngapi na nani anazishika. Hata kama kampuni haijauza gunia moja la viazi, taarifa inatakiwa. Siku ya kuhesabia kwa kawaida ni ile ya mwezi na tarehe ambayo kampuni iliandikishwa, na kuanzia hapo una siku 28 za kuwasilisha.

Ada ya kuwasilisha ni shilingi 22,000. Ukipitisha zile siku 28, unaanza kuandikiwa shilingi 2,500 kwa kila mwezi unaochelewa. Ukiisikia hivyo unasema, aah, elfu mbili mia tano, hiyo si chips kavu na soda? Sawa. Sasa tupige hesabu.

Tuseme vijana watano wa Sanya Juu, na huu ni mfano tu, waliandikisha kampuni yao tarehe 11 Machi 2019 kwa mtaji wa shilingi 1,000,000. Kuandikisha kuliwagharimu 95,000 kwa daraja hilo la mtaji, 66,000 za kuwasilisha nyaraka, na ushuru wa stempu 6,200. Jumla 167,200. Walichangishana, kila mmoja kama elfu 33 na ushee, wakamaliza.

Taarifa yao ya kwanza ilikuwa ya Machi 2020, na siku ya mwisho ilikuwa tarehe 8 Aprili 2020. Kumbukeni mwenyewe hiyo Aprili ya korona ilikuwaje. Hawakupeleka. Hawakupeleka 2021, wala 2022, wala 2023, wala 2024. Ifikapo tarehe 8 Juni 2024, adhabu yao imesimama hivi:

Taarifa ya 2020: miezi 50, shilingi 125,000.
Taarifa ya 2021: miezi 38, shilingi 95,000.
Taarifa ya 2022: miezi 26, shilingi 65,000.
Taarifa ya 2023: miezi 14, shilingi 35,000.
Taarifa ya 2024: miezi 2, shilingi 5,000.

Adhabu peke yake ni 325,000. Ongeza ada halali ya taarifa tano, 22,000 mara tano, ambayo ni 110,000. Jumla 435,000. Kampuni iliyozaliwa kwa 167,200 inadaiwa 435,000 na haijawahi kuingiza hata mia.

Tazama tena ile orodha. Kinachoumiza siyo ile 2,500. Kinachoumiza ni kwamba kila mwaka uliokosa una mita yake, na mita zote zinazunguka kwa pamoja. Mwaka wa kwanza walikuwa wanadaiwa 2,500 kwa mwezi. Wakiwa na taarifa tano nyuma, kila mwezi unaopita unawaongezea 12,500. Wakikaa kikao Juni hiyo wakasema "tujipange mpaka Desemba", ile miezi sita ya kujipanga inawala 75,000 nyingine. Ndiyo maana kila anayejipanga hajipangi akamaliza. Anakimbiza daladala ambayo haisimami kituoni.

Sasa swali la siasa. Kijana mwenye akili timamu akioneshwa hizi namba mbili, 435,000 kuifufua kampuni ya zamani na 167,200 kuandikisha mpya, atafanya nini? Ataandikisha mpya. Atabadili jina kidogo, ataiacha ya zamani ioze. Serikali haitapata ile 325,000 ya adhabu, na haitapata hata ile 110,000 ambayo ni halali yake. Daftari la Msajili litabaki na kampuni mfu yenye majina ya wakurugenzi ambao wengine hawaongei tena. Na yule kijana hajaokoka, kwa sababu jina lake bado limo kwenye kampuni ya zamani. Deni haliyeyuki kwa sababu biashara imelala. Siku benki au mtoa tenda akitaka kujua historia yake, miaka isiyojazwa itaonekana.

Kwa hiyo adhabu hii imeshindwa kwa kipimo chake yenyewe. Adhabu ya kuchelewa ina kazi moja: kumfanya mtu alete taarifa. Ikishafika mahali inamfanya mtu akimbie na taarifa yake, imeacha kuwa adhabu, imekuwa ukuta.

Najua watakachosema. Watasema bila adhabu hakuna atakayeleta taarifa, na daftari la makampuni litakuwa makaburi. Watasema kampuni zisizotoa taarifa ndizo zinazotumika kuficha fedha chafu na wamiliki halisi. Hoja hiyo ina uzito, na mimi siidharau. Sisi wapinzani ndiyo tumekuwa wa kwanza kuuliza nani hasa yuko nyuma ya kampuni zinazochukua tenda kubwa nchi hii. Hatuwezi kudai uwazi kwa wakubwa halafu tukatae kujaza fomu sisi wenyewe.

Lakini angalieni nani anaumia. Kampuni kubwa ina mwanasheria na mhasibu, tarehe haimpiti, na ikimpita 2,500 kwake si kitu. Hata akichelewa miaka mitano, 325,000 ni mafuta ya gari la bosi wiki moja. Mwenye kuficha fedha chafu ndiye wa kwanza kulipa, kwa sababu anahitaji karatasi safi. Anayekwama ni kijana wa Siha ambaye anaambiwa kila siku ajiajiri, wakati mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri iliwahi kusimamishwa Aprili 2023. Kiwango ni kilekile kwa wote, na ndiyo maana si sawa kwa wote.

Na msituambie haiwezekani kusamehe. Mwaka 2018 serikali hii hii ilitangaza msamaha maalum wa riba na adhabu kwenye malimbikizo ya kodi, mpaka asilimia 100. Wenye madeni waliambiwa waombe kuanzia Julai mpaka mwisho wa Novemba mwaka ule, wakubali deni la msingi, wapewe na muda wa kulilipa. Walioomba wakasamehewa riba na adhabu, na humo walikuwemo wafanyabiashara wakubwa kweli kweli. Sikuona mtu akisema nchi itaharibika. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 yenyewe ina mahali pa kusamehe riba na adhabu kukiwa na sababu ya msingi. Sasa soma kifungu cha 128 cha Sheria ya Makampuni. Kinakwambia ulete nini na lini. Hakikwambii ni katika hali gani adhabu ya kuchelewa inaweza kuondolewa, uombe kwa nani, ajibu kwa siku ngapi. Mwenye deni la kodi la mabilioni ana mlango wenye kibao. Mwenye deni la laki tatu anaandika barua na kuomba Mungu.

Huku Siha tuna kionjo chetu. Mwaka 2015 tulimchagua mbunge kwa kura zetu za upinzani. Desemba 2017 akajiuzulu akahamia CCM, uchaguzi mdogo ukafanyika Februari 2018 kwa fedha za walipa kodi, akarudi na kiti kilekile kwa rangi nyingine. Kufikia 2024 alikuwa naibu waziri. Hakuna aliyemwandikia hata shilingi 2,500 kwa kila mwezi. Basi mheshimiwa, tusemee. Kuhama na kura za watu kulisameheka. Kuchelewa kujaza fomu kusisameheke?

Tunachodai si adhabu ifutwe. Tunadai mambo matatu, na yote yanaweza kuandikwa kwenye ukurasa mmoja.

Kwanza, dirisha la miezi sita. Kampuni yoyote itakayoleta taarifa zake zote za nyuma na kulipa ada ya 22,000 kwa kila moja, adhabu yote iondolewe. Vijana wa mfano wetu watalipa 110,000. Msajili atapata daftari safi na serikali itapata fedha ambayo leo haiipati kabisa.

Pili, baada ya dirisha kufungwa, adhabu iwe na kikomo: isizidi ada yenyewe. Ukichelewa, utaandikiwa 2,500 kwa mwezi mpaka ifike 22,000, basi, mita isimame. Kwa kipimo hicho vijana wetu wangekuwa na adhabu ya 22,000 kwa kila mwaka kati ya ile minne ya nyuma, na 5,000 ya 2024. Jumla 93,000 badala ya 325,000. Inauma bado, lakini inalipika. Na inayolipika ndiyo inayolipwa.

Tatu, utaratibu wa kuomba msamaha uandikwe. Sababu zipi zinakubalika, vielelezo vipi vinatakiwa, jibu lije ndani ya siku ngapi, na mita isimame wakati ombi linasubiri. Hili la mwisho ni muhimu. Haiwezekani niombe nisamehewe halafu kila mwezi ninaosubiri jibu uongeze deni ninaloombea msamaha.

Sasa, wakati tunapigania hayo, kampuni yako bado inahesabu. Usikae unasubiri chama. Kama umeamua kuandika barua ya kuomba msamaha, iandike kama mtu anayejua anachoomba.

Kabla ya barua, ingia kwenye akaunti ya kampuni kwenye mfumo wa usajili wa BRELA wa mtandaoni uone ni miaka ipi haijajazwa. Kama kampuni ni ya kabla ya mfumo kuanza 2018, angalia kwanza kama taarifa zake zilishahuishwa humo. Andaa kila taarifa ya mwaka, ukianzia wa zamani. Mtu anayeomba kusamehewa huku bado hajaandaa fomu hata moja anaonekana anaomba kusamehewa wajibu, siyo adhabu. Hivyo ni vitu viwili tofauti.

Barua iende kwa Msajili wa Makampuni. Weka jina kamili la kampuni, namba ya usajili na tarehe ya kuandikishwa. Kisha taja mwaka mmoja mmoja: taarifa ya mwaka huu ilitakiwa tarehe hii, imechelewa miezi mingapi, adhabu yake shilingi ngapi. Ukiweka hesabu mwenyewe, anayesoma hana kazi ya kuanza kutafuta faili. Halafu toa sababu, na hapa ndipo barua nyingi zinakufa. "Hatukujua" haikusaidii, kwa sababu sheria haikuulizi kama ulijua. "Hali ngumu ya maisha" kila mtu anayo. Sababu yenye nguvu ni ile yenye karatasi na yenye tarehe inayolingana na mwaka unaoombea: mkurugenzi alilazwa, kuna cheti cha daktari, mkurugenzi alifariki, kuna cheti cha kifo, mkurugenzi hakuwa na namba ya NIDA ya kumwingiza kwenye mfumo, kuna stakabadhi ya siku aliyojiandikisha na tarehe namba ilipotoka. Ugonjwa wa 2021 hautetei uzembe wa 2023. Kama mwaka fulani huna sababu, sema huna, omba tu upunguziwe au ulipe kwa awamu. Barua inayokubali kosa kwenye mwaka mmoja inaaminika zaidi kwenye ile mingine.

Mwisho wa barua sema wazi unaomba nini: uondolewe yote, nusu, au muda. Ambatisha muhtasari wa kikao cha wakurugenzi kilichoamua kuomba, isainiwe na mkurugenzi au katibu, ubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Bila hiyo nakala, miezi minane baadaye hutakuwa na cha kuonyesha.

Na jihadhari na vishoka. Utamkuta mtu kwenye steshenari anakwambia "nipe laki na nusu nikufutie deni, nina mtu ndani". Deni la serikali linalipwa kwa namba ya malipo inayotoka kwenye mfumo, ile tunayoiita kontroo namba. Ukiambiwa utume kwenye simu ya mtu, hujalipa deni, umemlipa yeye. Ukirudi kwenye mfumo mita bado inazunguka, na laki na nusu yako imekwenda.

Jambo la mwisho, na hili tuambiane wenyewe kwa wenyewe. Kama mnataka kuuza viazi na karoti pale sokoni, huenda hamkuhitaji kampuni. Jina la biashara lina ada ya mwaka ya shilingi 5,000 na halina hisa wala wakurugenzi wa kuripoti. Tuache kusajili kampuni kwa ajili ya fremu ukutani. Atakayesajili aandike ile tarehe ya kuzaliwa kwa kampuni kwenye kalenda, kama anavyoandika ya mtoto wake.

Lakini waliokwisha kusajili, wakakwama, wako tayari kurudi na kulipa ada zao, hao serikali iwafungulie mlango. Kila mbunge aliyeko Dodoma ana kijana wa hivi jimboni kwake. Mtumieni hii hesabu. Siyo maandishi yote, hesabu tu: 110,000 ada, 325,000 adhabu, 167,200 kampuni mpya. Mwambieni achague ni ipi kati ya hizo tatu anadhani kijana ataamua kulipa.